TV ya OLED si ubao wa bei: nilivyochoma milioni yangu kwa jina la duka langu mwenyewe

Leo nataka niseme jambo ambalo najua wengine hawatalipenda, hasa wale waliotoka kununua TV kali ya kuweka dukani. Kama unauza mtandaoni na una fremu ndogo ya wateja kuja kuchukua mzigo, usiweke TV ya OLED kuwa ubao wako wa bei. Sisemi hivi kwa sababu nimesoma mahali, nasema kwa sababu nimelipa.

Mwaka jana nilipata TV ya OLED inchi 55 iliyotumika, kwa milioni moja na laki moja. Picha yake ilikuwa balaa, nyeusi ni nyeusi kweli, rangi za magauni zinaonekana kama zilivyo. Nikaitundika ukutani, mkono wa kushoto nikaweka ule mstari mwekundu wenye jina la duka, chini yake namba ya WhatsApp na Lipa Namba kwa maandishi meupe makubwa. Mkono wa kulia ndiyo picha za mzigo zinabadilika. Kijana wangu anaiwasha saa 2 asubuhi na kuizima saa 2 usiku. Mwanga niliuweka wa juu kabisa ili mpita njia aione.

Miezi 7 baadaye ikawa siku ya mechi, jamaa wakaomba tuangalie mpira hapo hapo dukani. Kamera ilipoonyesha uwanja mzima, kila mtu akaanza kucheka. Juu ya nyasi, upande wa kushoto, Lipa Namba yangu inasomeka vizuri tu. Mmoja akauliza, "Boss, umelipia tangazo?" Nilicheka nao, ila moyoni nilishajua hapa kuna hasara.

Sasa kilichotokea ni nini? Kwenye OLED kila kitone cha picha ni taa inayojitegemea. Hakuna taa moja kubwa nyuma inayomulika kioo kizima. Na hizo taa ndogo zinachoka kwa kutumika, kama taa za mapambo ya ukumbi: zile zinazowaka kila siku zinafifia, zilizokuwa zimezimwa zinabaki mpya. Maandishi yangu meupe yaliwaka saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 7. Piga hesabu, ni zaidi ya saa 2,100 vitone vilevile vinafanya kazi ileile kwa nguvu zote, wakati majirani zao kwenye sehemu nyeusi wamepumzika. Ukija kuweka rangi moja kwenye kioo kizima, waliochoka wanatoa mwanga hafifu kuliko wenzao, na hapo ndipo herufi zinapojitokeza. Hata ule mstari mwekundu uliacha alama. Ukiweka kioo cheupe, sehemu yake inaonekana kama ina ukijani wa bluu, kwa sababu wekundu wa pale umepungua.

Ndiyo maana mnaosema "kioo kimeungua" mnasema neno ambalo watu wote tunaelewa, ila halielezi vizuri. Hakuna picha iliyochomwa mle ndani. Ni uchakavu usio sawa, na uchakavu haufutiki.

Hapo ndipo fundi mmoja aliponiambia nimpe elfu 60 "aiflashi" itoke. Bahati nzuri nilikuwa nimeshaanza kuuliza watu. Jamani, hakuna programu inayorudisha taa iliyochoka. Zile video za rangi zinazopepesa haraka haraka zinaweza kusaidia kivuli cha muda, kile kinachobaki dakika kadhaa baada ya picha iliyosimama halafu kinaondoka chenyewe. Njia ya kuvitofautisha ni rahisi: weka filamu au mpira wa kawaida kwa saa moja, au iache imezimwa usiku, halafu angalia tena. Kikiisha, kilikuwa cha muda. Kikibaki palepale kwa umbo lilelile, hicho ni cha kudumu, na kupepesa rangi siku nzima ni kuzidi kuchosha kioo kizima.

Kuna watu wataniambia TV za sasa haziungui. Ni kweli zimeboreshwa, lakini kuboreshwa si kinga. Mwaka 2018 tovuti ya majaribio ya Kanada inayoitwa RTINGS ilichukua TV 6 za LG za OLED ikaziwasha saa 20 kwa siku, kila moja na kitu chake. Iliyoonyesha habari za CNN kwa mwanga wa juu kabisa iliungua wazi pale kwenye nembo na mistari ya habari. Nyingine iliyoonyesha CNN hiyohiyo kwa mwanga mdogo ilichakaa polepole zaidi. Ujumbe wake kwangu mimi mwenye duka ni kwamba mambo makubwa ni mawili: kitu kimesimama pale pale kwa jumla ya saa ngapi, na kwa mwanga kiasi gani. Joto nalo linaongeza uchakavu, na TV yangu ilikuwa inapigwa na jua la mchana.

Lakini kosa lililoniuma zaidi sikulijua kabisa. Kijana wangu alikuwa anazima TV kwenye rimoti, halafu hapo hapo anazima swichi ya ukutani. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa sababu ya LUKU na kwa kuogopa umeme ukirudi kwa kishindo. Kumbe TV hizi za OLED zina usafi wake. Zikishafikisha kama saa 4 za matumizi kwa jumla, ukizizima kwa rimoti zinabaki kimya zinapima vitone na kuvisawazisha kwa dakika kadhaa. Ukikata umeme ukutani, kazi hiyo haifanyiki. Mimi niliikatiza kila usiku kwa miezi 7.

Kwa hiyo kama unayo tayari, zima kwa rimoti, iache kwenye umeme angalau saa moja, ndipo ukate kama lazima. Vizuri zaidi iache usiku kucha ikiwa na kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka. Kwenye LG nyingi utakuta pia menyu ya `OLED Care` na ndani yake `Pixel Cleaning`. Hiyo ndiyo ile ndefu ya kama saa nzima. Usiifanye kila wiki ukidhani unaosha kioo, maana yenyewe nayo inatumia vitone. Ni ya kufanya mara moja pale unapoona kivuli ambacho hakiondoki.

Sasa wengi mnasema, "Mimi slaidi zangu zinabadilika kila sekunde 10, sina shida." Hebu ziangalie vizuri. Umetengeneza slaidi 20 kwa fremu moja, nembo kona ya kulia juu, namba ya simu chini, kwenye zote 20. Mzigo unabadilika, nembo haijasogea hata kidogo tangu asubuhi. Kioo hakijali slaidi ngapi zimepita, kinahesabu kila kitone kimewaka muda gani. Na ile setingi ya kusogeza picha kidogo kidogo inasogeza vitone vichache tu. Inasaidia mstari mwembamba, lakini herufi nene kama kiganja cha mkono haziokoi, katikati ya herufi panabaki palepale.

Kama huna TV nyingine, basi tumia hiyo hivi: shusha mwanga, onyesha video za mzigo ukivaliwa na kutembezwa, jina na namba ziingie sekunde chache kisha zitoke kabisa, na zikirudi ziwe sehemu nyingine. Lipa Namba ichapishe kwenye karatasi ubandike mezani. Mteja analipia mezani, halipii ukutani! Na mchana dukani hakuna mtu, izime.

Ila ushauri wangu wa kweli ni kutumia TV ya kawaida ya LED kwa kazi hii. Angalia herufi vizuri, LED na OLED si kitu kimoja, na QLED ya kawaida nayo iko upande wa LED. Hizo zina taa nyuma zinazomulika kioo chote, kwa hiyo herufi zako hazichoshi sehemu moja kama kwenye OLED. Zinaweza kushika kivuli, mara nyingi cha muda. Taa za nyuma zikifa, fundi anabadilisha maisha yanaendelea. Ukiwa dukani hujui ni ipi, waambie waweke picha nyeusi tupu na wafifishe taa. OLED inakuwa nyeusi kama imezimwa, ya kawaida mara nyingi inabaki na ukungu wa kijivu.

Nisisahau simu, maana wengi wenu duka zima liko kwenye simu. Simu zenye kioo cha OLED, kama iPhone kuanzia 12 na Samsung za S, zinaungua kwa njia hiyohiyo. Simu ya oda inayokaa kwenye chaji, WhatsApp imefunguliwa kutwa, mwanga juu, kioo hakizimi, baada ya muda utaona keyboard imebaki chini. Weka kioo kijizime baada ya sekunde 30. Na ukiwa laivu saa 2 au 3, shusha mwanga ukishaanza. Mwanga wa kioo chako haubadilishi anachoona mteja, yeye anaona kinachopigwa na kamera.

Mnaouza simu na TV zilizotumika, jaribio ni moja: picha ya kijivu tupu ijaze kioo, mwanga wa wastani, chumba kiwe na giza kidogo. Halafu nyekundu, kijani, bluu, nyeupe. Angalia chini palipo keyboard, juu palipo saa na chaji, na kwenye TV angalia kona za nembo za stesheni. Video ya promosheni yenye rangi nyingi inaficha kila kitu, na muuzaji anayejua ndiyo atakayokuwekea.

Yangu niliiuza. Kijana wa duka aliniambia tuweke picha ya filamu kwenye tangazo, pale kivuli hakionekani. Nikaweka ya kijivu, jina la duka langu likisomeka, nikaandika ina kivuli cha kudumu upande wa kushoto. Siku tatu watu walikuwa wananicheka kwenye komenti. Siku ya nne akaja baba mmoja anayeangalia filamu tu usiku, akaijaribu nusu saa, akatoa laki nne na nusu. Mwezi uliopita amerudi kununua viatu vya mwanawe, na akaniambia Lipa Namba haina haja ya kumtajia, anaiona nyumbani.