Kalamu na Hesabu: Kitabu chetu na karatasi ya benki

Juma lililopita mama mmoja wa shirika aliniletea kayee ya binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa sita komersiale. Binti anajitayarisha kwa Egzeta, na kwa swali moja la zamani alikuwa amepata majibu matatu tofauti. Mama akaniambia: "Mwalimu, na mimi nitasikiliza. Mtunza pesa wetu wa zamani alisemwa mwizi kwa sababu ya tofauti kama hii." Basi tuliketi wote watatu.

Swali lenyewe ni hili. Tarehe 31 Machi, kitabu cha duka moja, konte 521, kinaonyesha salio la debi la faranga 1 250 000. Releve ya benki inaonyesha salio la kredi la 1 388 000. Tofauti ni 138 000.

Binti alishangaa: kwa nini sisi tuko debi na benki iko kredi? Ni pesa ile ile. Kwetu sisi ni mali yetu, kwa benki ni deni ambalo sisi tunaidai. Ndiyo maana tunachoandika debi, benki inakiandika kredi.

Baada ya hapo tulichukua kalamu ya risasi, tukatia alama kila kiasi kilicho pande zote mbili. Vilivyobaki bila alama ndivyo vyenye kazi, na vilikuwa vitano. Sheki ya 240 000 tuliyompa muuzaji, lakini hajaipeleka benki. Pesa 180 000 tuliyoweka jioni ya tarehe 31, benki haijaiandika. Mteja aliyelipa 120 000 moja kwa moja benki, sisi hatukujua. Gharama za benki 15 000. Na sheki ya 63 000 ambayo duka liliiandika 36 000.

Kwa kila kimoja uliza swali moja tu: nani hajaandika? Asiyeandika ndiye anayesahihishwa.

Upande wetu: 1 250 000 na 120 000 za mteja ni 1 370 000. Toa gharama 15 000, toa na 27 000 zilizosahauliwa kwenye ile sheki, jumla 42 000. Inabaki 1 328 000.

Upande wa benki: 1 388 000 na 180 000 ni 1 568 000. Toa sheki 240 000. Inabaki 1 328 000.

Hapa binti alisimama tena. Chini ya meza yetu jumla ni 1 370 000 debi na kredi, chini ya meza ya benki ni 1 568 000. "Mwalimu, hazilingani!" Hazitakiwi kulingana. Kila meza inalingana ndani yake, debi na kredi, ukihesabu salio pamoja. Kati ya meza mbili kinacholingana ni salio peke yake. Wanafunzi wengi hufuta kazi nzuri kwa kuogopa jambo hili.

Tukarudi kwenye majibu yake ya kwanza. Katika moja, upande wa benki ulitoa 1 808 000, yaani 480 000 zaidi. Gawa kwa mbili: 240 000. Tazama kama kuna kiasi hicho kwenye orodha. Ndiyo, ile sheki. Aliijumlisha badala ya kuitoa, na kosa la upande daima huzidisha tofauti mara mbili. Katika jibu lingine alisahau sheki ya 63 000, akabaki na tofauti ya 27 000. Gawa kwa 9: inagawanyika bila baki. Hapo shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Si hakika, lakini anza kutafuta huko.

Kazi haijaisha bado. Katika jurnali tunaandika yale ya upande wetu tu: debi 521 kwa 120 000, kredi 411, kisha debi 631 kwa 15 000, debi 401 kwa 27 000, kredi 521 kwa 42 000. Sheki ya 240 000 na pesa ya tarehe 31 haziandikwi tena, kwa sababu tayari ziko kitabuni. Zinangoja releve ya Aprili. Binti alikuwa ameziandika mara ya pili, na hapo ndipo lilipotoka jibu lake la tatu.

Mama aliuliza: "Sasa salio zikilingana, hakuna wizi?" Nilimwambia hapana, si hivyo. Pesa iliyochukuliwa kabla ya kuandikwa popote haionekani, si kitabuni, si benki. Ile hutafutwa kwenye risiti. Lakini mtunza pesa wao wa zamani, nikasoma karatasi alizonionyesha: tofauti yake ilikuwa sheki mbili ambazo wenyewe hawakwenda kuzichukulia pesa.