Kaka katuma riali 50, mama kapata ngapi?

Wiki hii tuzungumze pesa, na si pesa ya kununulia urojo pale Forodhani. Nazungumzia ile inayotoka Maskati. Hapa Mjini Unguja nyumba ngapi hazina mtoto, kaka au shangazi Omani? Mwisho wa mwezi simu inalia: "Nimeshatuma, mwambie mama akachukue." Kila mtu anafurahi, hakuna anayeuliza imefika kiasi gani kati ya ile iliyotumwa. Hapo ndipo tunapoliwa, tena tunaliwa huku tunacheka.

Kwanza ushike kitu kimoja tu. Gharama ya kutuma pesa ni mbili, si moja. Ya kwanza ni ada, ile inayoandikwa kwenye risiti na kila mtu anaiona. Ya pili ni bei ya kubadilishia, yaani shilingi ngapi wanakupa kwa riali moja. Hii haiandikwi kama gharama, na aghalabu ndiyo kubwa zaidi. Kwa hiyo ukiona bango limeandikwa "tuma bure", usishangilie. Hakuna mwenye duka anayelipa kodi ya fremu kwa kutuma pesa zako bure, yakhe!

Utaijuaje bei ya haki? Kwa riali ya Omani ni rahisi, maana tangu mwaka 1986 imefungwa kwenye dola kwa bei ile ile: riali moja ni kama dola 2.60, leo na kesho. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu. Chukua bei ya dola iliyotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania siku hiyo, zidisha kwa 2.60, basi. Tuseme dola ni shilingi 2,600. Riali moja itakuwa shilingi 6,760, na riali 50 ni shilingi 338,000. Hiyo ndiyo pesa kamili kabla mtu yeyote hajaigusa. Namba hizi na zinazofuata ni za mfano tu, wewe tia za siku yako.

Sasa tumpeleke kaka yetu Ruwi, pale Maskati, ana riali 50 mfukoni na kila gharama itatoka humo humo. Duka la kwanza linamwambia hakuna ada, lakini bei yake ni shilingi 6,450 kwa riali. Mama anapata 322,500. Duka la pili linamkata riali moja ya ada, kaka ananuna, lakini bei yake ni 6,690. Riali 49 zilizobaki zinampa mama 327,810. Umeona? Lile la "bure" limemla mama 5,310 zaidi kuliko lile lililotoza ada. Hapo keshakosa kilo za mchele.

Njia ya tatu ni kutuma moja kwa moja kwenye simu ya mama, M-Pesa au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa. Tuseme ada ni riali moja na bei ni 6,650. Zinaingia shilingi 325,850. Lakini mama akienda kwa wakala kuzitoa zote, anakatwa tena huku, na hesabu inaweza kushuka chini hata ya duka la bure. Dawa yake ni kutotoa zote. Umeme wa TUKUZA alipie kwa simu, ada ya shule ya mdogo wako ailipe kwa simu, atoe ile ya sokoni tu. Na kama mama anakaa Makunduchi au Nungwi, hesabu na nauli ya daladala ya kuja mjini na kurudi, maana wakala yupo hapo hapo kijijini.

Je, benki? Hapa vijana wengi wanaingia mkenge. Hawala ya benki ikienda kwa dola, kwa kawaida hupitia benki ya kati kule Marekani, nayo haifanyi kazi ya sadaka. Tuseme benki ya kaka imekata riali 5, na ile ya kati dola 15. Riali 45 ni dola 117, toa 15 zimebaki 102. Benki ya huku ikizinunua kwa 2,570, mama anaondoka na shilingi 262,140. Zaidi ya elfu sabini na tano zimeyeyuka njiani!

Lakini usiitukane benki bado. Makato yake hayakui sana pesa zikikua. Kaka akituma riali 1,000 za kumalizia nyumba ya Fuoni, kwa makato yale yale mama anapata shilingi 6,610,040. Lile duka la bure lingempa 6,450,000. Kwa pesa ndogo benki ndiyo mbaya kuliko wote, kwa pesa kubwa ni "bure" ndiyo mbaya. Duka la pili linaongoza pote katika mfano wetu, kwa sababu bei yake ni nzuri. Na kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya kuchagua nani alipe makato: OUR ni mtumaji kalipa yote, SHA mnagawana. Kaka akiacha SHA, asishangae mama akipokea pungufu.

Tuje kwenye kasi. Simu na dirisha la Western Union ni dakika tu mambo yakienda sawa, ingawa dirisha lina saa za kufunga na simu haina. Benki ni siku, na kuna mtego wa wikiendi. Omani tangu 2013 wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi na Marekani Jumamosi na Jumapili. Pesa iliyotumwa Alhamisi jioni usiitarajie kabla ya Jumatatu, na mara nyingi ni baadaye. Mwenye mgonjwa Mnazi Mmoja asingoje benki.

Kinachochelewesha zaidi hata hivyo ni jina. Kaka anaandika "Bi Mwana" kama tunavyomwita nyumbani, au anatia la kabila kama kwenye pasi za Omani, wakati kitambulisho cha mama kina jina lake, la baba na la babu. Mtu wa dirishani anamrudisha mama, na ana haki. Piga picha kitambulisho, mtumie kaka aandike herufi kwa herufi. Fatma na Fatuma ni watu wawili pale dirishani. Ile namba ya tarakimu 10 iitwayo MTCN apewe mama peke yake, si kundi zima la ukoo.

Mwisho wa mwezi huu basi, usimuulize kaka ada ni kiasi gani. Mwambie hivi: "Shikamoo kaka. Kabla hujatoa hizo hamsini, waulize mama atapokea shilingi ngapi mkononi." Aulize maduka matatu, Ruwi yamepangana. Anayetaja shilingi nyingi ndiye rahisi, awe na ada au hana. Tukutane wiki ijayo.