Sh300 milioni za mdomoni, mkononi ngapi?

DIRISHA la usajili likifunguliwa tu, vijiwe vinajaa namba. “Jamaa kasaini Sh300 milioni, miaka miwili!” Msimu ukianza akikosa mabao mawili ya wazi, jukwaa zima linamkumbusha mamilioni yake. Mimi naona mara nyingi tunamdai mchezaji hela ambayo hajaiona.

Tuivunje hiyo Sh300 milioni kwa mfano. Mshahara ni Sh5 milioni kwa mwezi, kwa miezi 24 ni Sh120 milioni. Fedha ya usajili Sh60 milioni, nusu akisaini, nusu msimu wa pili. Posho ya nyumba Sh500,000 kwa mwezi, jumla Sh12 milioni. Hapo tumefika Sh192 milioni, na ndiyo hela ya uhakika: acheze, akae benchi au augue goti, mkataba unamlinda.

Sh108 milioni zilizobaki ni bonasi. Kila msimu Sh1 milioni kwa kila mechi ya ligi, mechi 30, halafu Sh24 milioni timu ikichukua ubingwa. Aliyetangaza dau kahesabu kama jamaa atacheza mechi zote 60 na kubeba makombe mawili mfululizo. Nani anacheza mechi zote 60?

Sasa msimu wa kwanza kacheza mechi 11, ubingwa umeenda kwa watani. Kapata mshahara Sh60 milioni, usajili Sh30 milioni, nyumba Sh6 milioni na bonasi Sh11 milioni. Jumla Sh107 milioni, wakati kijiweni tunampigia Sh150 milioni.

Na hata hizo 11 zina ubishi. Mkataba umesema “akianza” au “akicheza”? Kama ni akianza, zile mechi nne alizoingia dakika ya 80 hazina kitu, na bonasi inashuka hadi Sh7 milioni. Neno moja tu hilo, na wachezaji wengi husaini bila kuliuliza.

Kuna na makato. Kama Sh5 milioni ni kabla ya kodi, ikitoka asilimia 10 ya NSSF, kisha PAYE, ambayo kwa kinachozidi Sh1 milioni ni asilimia 30, mkononi inabaki kama Sh3.3 milioni. Nyumba nayo, klabu ikimlipa mwenye nyumba moja kwa moja, haigusi akaunti yake. Analala pazuri, sawa, ila mama kijijini hawezi kutumiwa chumba cha kulala.

Hata kanuni za FIFA zinatazama mshahara kwanza. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaipa notisi ya siku 15, kisha ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Bonasi ya ubingwa ambao haukuja hana pa kuidai.

Kwa hiyo kiongozi akitutajia dau wiki hii, nitamuuliza moja: kijana akikaa benchi msimu mzima, analipwa ngapi?