Mikono ya Watoto wa Chuoni



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa chuo chetu hapa Tukuyu alikosa kuja siku nne kwa tumbo la kuhara. Aliporudi tulimwuliza kama hunawa atokapo msalani. Akajibu, “Ndiyo, Maalim, mimi hutawadha.” Tukatambua kwamba kosa si lake, ni letu sisi waalimu tuliomfunza udhu vyema na tusimfunze la pili.

Maji ya udhu humtayarisha mtu kwa sala, wala hatusemi neno juu ya hilo. Lakini uchafu wa choo una mafuta ndani yake, nao hung’ang’ania ngozi. Maji peke yake hupita juu yake, bali sabuni huuachisha, kisha maji huuchukua. Nasi tustanjao kwa mkono wa kushoto tuna haja zaidi. Mtoto hujitetea kwamba ala kwa mkono wa kulia. Basi na aulizwe: ndizi waimenya kwa mkono gani, na kikombe chako chashikwa na upi?

Tuliwafunza kwa jambo la kutazama kwa macho. Tulichanganya mkaa uliotwangwa na mafuta kidogo ya kupikia, tukawapaka watoto wawili mikononi. Wa kwanza akanawa kwa maji matupu. Akatoka mweusi vilevile. Wa pili akanawa kwa sabuni, upesi, kama wafanyavyo wote. Viganja vilitakata, lakini weusi ukabaki penye dole gumba, baina ya vidole, na chini ya kucha. Darasa zima lilicheka, na baada ya hapo hatukuhitaji kueleza sana.

Kwa sehemu hizo zilizosahauliwa tukatunga mwendo wa kunawa. Mtoto hulowesha mikono, hupaka sabuni, kisha wote husema pamoja huku wakisugua:

Kiganja kwa kiganja, moja mbili tatu nne.
Mgongo wa mkono, moja mbili tatu nne.
Vidole kwa vidole, moja mbili tatu nne.
Gumba ndani ya ngumi, moja mbili tatu nne.
Kucha juu ya kiganja, moja mbili tatu nne.

Mstari wa mgongo, wa gumba na wa kucha husemwa mara mbili, kwani kila mkono una haki yake. Jumla ni nne mara nane, yaani hesabu 32. Kusugua kwataka sekunde 20 kwa uchache, na Shirika la Afya Duniani lataja sekunde 40 hadi 60 kwa kazi yote, tangu kulowesha hadi kukausha. Siku ya kwanza tulishika saa: watoto wakamaliza mistari yote kwa sekunde 12! Huku kwetu mwezi wa Juni maji ni baridi mno, na mwenye kuona baridi hukimbia. Tangu hapo mkubwa wao hugonga ubao kwa kijiti, taratibu, wala hakuna aruhusiwaye kuutangulia mgongo huo. Maji ya baridi hayapunguzi kazi ya sabuni. Haraka ndiyo huipunguza.

Ama picha ya ukutani, tulikosea mara mbili. Tuliichora kwenye karatasi, mvua ya Rungwe ikailainisha kwa wiki moja. Sasa tumechora kwa rangi juu ya ubao, chini ya upenu, kimo cha macho ya mtoto wa miaka saba. Kosa la pili lilitushangaza zaidi. Tulipanga picha tano kutoka kushoto kwenda kulia, na wadogo wetu, waliozoea msahafu, wakazisoma kutoka kulia: wakaanza na kucha, wakamalizia na viganja! Tumezipanga upya kutoka juu kwenda chini, na kila picha ina tarakimu yake.

Maji twayapata kwa kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotundikwa kwenye mti, lina tundu la msumari karibu na shingo, na kamba iendayo kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu ndio ushikao kazi, hivyo mkono mchafu haugusi kitu. Tundu likiwa kubwa, maji hwisha kabla ya nusu ya darasa. Sabuni ya mche tumeikata vipande, tukakitia kimoja katika wavu na kukitundika pembeni, kwani kikiachwa chini huyeyuka kwa mvua au huondoka na mwenye kukipenda. Kukausha ni kwa kupunga hewani. Kitambaa kimoja cha watu wote tumekiondoa.

Nyumbani liko jambo la beseni. Watoto sita huchovya mikono katika maji yale yale kabla ya sinia, na wa sita hupata ya watano. Bibi zetu walimimina kwa birika, beseni likapokea tu kilichodondoka. Mama wa mtoto yule aliyeugua ametuletea habari kwamba mwanawe sasa amelikataa beseni, naye amelitoa kabatini birika la mama yake.