Kukumbuka Si Kosa, Kosa Ni Kudai

Juzi nilikuwa saluni Buyenzi, redio imewashwa, mshauri mmoja wa mapenzi akatangaza kwamba ukishaonana na mtu mara tatu au nne usithubutu kumwambia umemkumbuka. Atakayesema kwanza, alisema, ndiye ameshindwa. Wanawake wote waliokuwa wakisukwa wakaafiki.

Ameshindwa nini? Nilidhani watu wanaokwenda ufukweni Saga kula mukeke pamoja wanatafutana, kumbe wanashindana! Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mwanamume ni mwindaji, ukimrahisishia atakuchoka. Mwindaji gani, katika mji huu wa foleni za mafuta? Machi 2022 pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya mji, na basi hulijui litakuja saa ngapi. Kijana akitoka Kamenge hadi Kinindo kukuona, keshawinda vya kutosha.

Naelewa hofu inakotoka. Hapa kwetu neno laini halikawii kugeuka ndoa: shangazi wameshasikia, kanisa limeshasikia, mtu anaulizia mahari. Mwaka 2017 hata serikali iliingia chumbani, ikawaamuru waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa kuhalalisha uhusiano wao kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana kijana akiambiwa amekumbukwa anasikia kengele za harusi. Lakini dawa yake si kunyamaza. Kati ya kimya na mahari lazima pawe na neno dogo, la sivyo watu watajuanaje?

Neno lenyewe halimkabi mtu. Kinachokaba ni madai yanayoning'inizwa nyuma yake. Binti wa kaka yangu alikuwa ameonana na kijana mara tatu. Mara ya mwisho walibishana chakula kizima, yeye akitetea mukeke, kijana akiapa kwamba ndagala haina mpinzani. Zikapita siku nne za kimya. Akaniletea simu: "Shangazi, nitume hii?" Alikuwa ameandika: "Nimekukumbuka sana. Siku nne hunitafuti, au umepata mwingine? Hata usingizi siupati."

Nikamwambia asitume. Sentensi ya kwanza haikuwa na ubaya wowote. Ya pili ni mashtaka, na mshtakiwa hata hajaahidi kitu. Ya tatu inamtwika kijana usingizi wa mtu aliyemjua juzi. Kijana atajibu nini? Akijibu kwa upole, amekubali deni. Akinyamaza, amekuwa mkatili. Hapo ndipo watu hukimbia, halafu tunalisingizia neno "nimekukumbuka".

Tulikubaliana aandike hivi: "Leo nimepita sokoni kwenye mafungu ya ndagala, nikakukumbuka wewe na ubishi wako. Jumamosi jioni nina nafasi, ukipenda tuumalizie." Ona alichokumbuka: jambo moja walilolifanya pamoja, lenye ukubwa wa watu walioonana mara tatu. Hakutaja moyo wala maisha yake. Ametaja siku, na neno "ukipenda" limemwachia kijana njia ya kutokea. Aliutuma mchana. Ujumbe huohuo ukiingia saa saba za usiku husomeka kwa sauti nyingine kabisa.

Kisha ikaja sehemu ngumu kuliko kuandika, yaani kuiweka simu chini. Hakuna kutuma "umeipata?", hakuna kupiga ili kuulizia tiki za bluu. Ukisema umemkumbuka mara moja, amesikia. Ukirudia kabla hajajibu, umeanza kudai.

Kijana alijibu jioni ileile kwamba hajabadili msimamo kuhusu ndagala, na Jumamosi anakuja. Sijui mshauri wetu angempa nani ushindi.

"Na akikudharau je?" aliniuliza msusi wangu, mkono kiunoni. Dada yangu, mtu anayekudharau kwa sababu umekumbuka ubishi wake wa samaki anakudharau kwa lipi jingine ambalo hujaliona? Soma jibu lake. Akirudisha utani au akitaja siku, mnakwenda pamoja. Akijibu "asante" baada ya siku mbili na Jumamosi asiiguse, hilo nalo ni jibu, na halihitaji ujumbe wa pili. Neno halitamfanya akupende asiyekupenda. Litakuonyesha mapema tu.

Kimya cha huyo mshauri hakikuonyeshi chochote. Wawili wanaopendana na wawili wasiojaliana hunyamaza kwa namna ileile, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe, mpaka miezi inakwisha. Mimi namtaka binti yetu ajue leo, kwa gharama ya ujumbe mmoja, kabla wazee hawajakaa kuhesabu ng'ombe.