Kabla ya kubonyeza DEAL, soma mistari miwili

Ukienda dukani ukute pakiti ya unga ya kilo mbili imepunguzwa ikawa kilo moja na robo tatu, na bei ni ile ile, utapiga kelele hadi ploti nzima isikie. Utamwita mwenye duka mwizi. Lakini usiku huo huo utalala chali kitandani, ufungue simu na ucheze poka ya mashine, na hutauliza hata mara moja mchezo huo unauzwa bei gani. Bei iko hapo juu ya karata, imeandikwa kwa namba kubwa. Hatuisomi tu.

Nasema hatuisomi kwa sababu hata mimi sikuisoma. Mwaka ule nilioacha chuo, nilikula 6,000 bob za kodi ya nyumba ndani ya wiki tatu kwenye mchezo huu. Nilijiambia ni bahati mbaya. Beshte yangu tuliyekuwa tukikaa naye naye akaniambia, "Bro, hiyo ni bahati tu, kesho itageuka." Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipofungua tena ule ukurasa nikaangalia namba mbili ambazo zilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Haikuwa bahati. Nilikuwa nimenunua pakiti iliyopunguzwa, tena ile iliyopunguzwa zaidi sokoni.

Wacha nikueleze ninachomaanisha, polepole.

Mchezo wenyewe unaitwa JACKS OR BETTER. Unaweka dau, unabonyeza DEAL, mashine inakupa karata tano kutoka pakiti ya karata 52. Unachagua za kubaki nazo, unabonyeza DRAW, zile ulizotupa zinabadilishwa mara moja, na mkono wako unalipwa kulingana na jedwali. Ukiwa na pea ya J, Q, K au A unarudishiwa dau lako. Pea mbili, unalipwa mara mbili. Karata tatu za namba moja, mara tatu. Malipo yanapanda hivyo hadi ROYAL FLUSH, yaani 10, J, Q, K na A za alama moja.

Kwao mchezo huu ni Las Vegas, jimbo la Nevada kule Marekani, na huko kuna sheria moja inayofanya jedwali liwe na maana. Mashine ikionyesha karata, lazima karata hizo zitoke kwa uwezekano ule ule wa pakiti halisi. Mwenye kasino haruhusiwi kuficha A wala kupunguza J. Sasa akitaka kuongeza faida anafanya nini? Anabadilisha jedwali la malipo. Hapo ndipo ujanja wote ulipo, na ndiyo maana ukilisoma jedwali umesoma bei.

Na habadilishi pale unapopatazama. ROYAL FLUSH inaachwa inang'aa vile vile, mara 800 ya dau. Anayegusa ni mistari miwili ya katikati: FULL HOUSE, yaani karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na FLUSH, yaani karata zote tano za alama moja. Kwenye jedwali kamili, FULL HOUSE hulipa 9 na FLUSH hulipa 6. Wachezaji wa kule huliita jedwali hilo 9/6. Ukicheza bila makosa, linarudisha asilimia 99.54 ya pesa zote unazoweka, ukihesabu kwa muda mrefu. Likiwa 8/5, linarudisha asilimia 97.30. Likiwa 6/5, linarudisha 95 pekee.

Najua unasema, "Kutoka 99 hadi 97? Hiyo si kitu." Chukua daftari tuhesabu.

Tuseme kila mkono unaweka mbao, yaani bob 20, na unacheza mikono 10,000. Jumla ya pesa zitakazopita kwenye mashine ni 200,000. Usishtuke, huhitaji kuwa nazo mfukoni, kwa sababu ni zile zile zinazoshinda na kurudi kuwekwa tena. Katika mikono hiyo 10,000, ukicheza vizuri, utapata FULL HOUSE kama mara 115, na FLUSH kama mara 110. Sasa FULL HOUSE ikishushwa kutoka 9 hadi 8, kila mara utakapoipata utakosa dau moja. Mara 115 kwa bob 20 ni 2,300. FLUSH ikishushwa kutoka 6 hadi 5, ni mara 110 kwa bob 20, yaani 2,200. Jumla ni 4,500 ambazo zimetoka kwako bila kelele yoyote, kila moja ikitoka siku uliyokuwa unafurahi kwamba umeshinda.

Kwenye jedwali la 9/6, mikono hiyo 10,000 ingekugharimu takriban 920. Kwenye 8/5 inakugharimu takriban 5,400. Kwenye 6/5 ni 10,000. Karata ni zile zile na wewe ni yule yule, lakini mchezo umepanda bei mara sita, kisha zaidi ya mara kumi.

Funzo hapa ni kwamba usiangalie ukubwa wa zawadi, angalia inakuja mara ngapi. Pea mbili huja karibu mara 13 katika kila mikono 100. Jedwali likishusha pea mbili kutoka 2 hadi 1, limekunyang'anya karibu asilimia 13 kwa pigo moja. Michezo inayofanya hivyo hulazimika kurudisha sehemu kubwa kwa kukuza malipo ya karata nne za namba moja. Utaona zawadi nono pale juu ushangilie, kumbe imelipwa kwa vile vidogo ulivyokuwa ukivipata kila dakika.

Sasa utalitambuaje jedwali kamili? Anza na jina la mchezo, kwa sababu namba bila jina zitakudanganya. 8/5 kwenye JACKS OR BETTER ni pakiti iliyopunguzwa. Lakini 8/5 kwenye BONUS POKER, ambako A nne hulipa 80 na 2, 3 au 4 nne hulipa 40, ndilo jedwali kamili la mchezo huo na linarudisha asilimia 99.17. Baada ya jina, nenda kwenye safu ya koini moja, soma FULL HOUSE na FLUSH. Kama mashine inakuonyesha safu ya koini tano pekee, tafuta 45 na 30. Ukiona 40 na 25, hiyo ni 8/5. Kwenye mashine nyingi unaweza kubonyeza SEE PAYS ukaliona jedwali kabla ya kuweka hata senti. Na usiamini mashine kwa sababu ya jirani yake. Mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na majedwali tofauti, na hata mashine moja inaweza kubadilisha jedwali ukibadilisha thamani ya koini.

Kisha angalia mwisho wa mstari wa ROYAL FLUSH. Ukiweka koini moja hadi nne inalipa 250 kwa kila koini. Ukiweka tano inaruka hadi 4,000, yaani 800 kwa kila koini. Anayecheza koini moja moja akidhani anabana pesa anapoteza takriban asilimia 1.4 zaidi. Kama mfuko wako ni wa bob 20 kwa mkono, heri koini tano za bob 4 kuliko koini moja ya bob 20. Mimi nilikuwa nacheza koini moja. Kwenye 6/5. Sasa unaelewa kodi yangu ilienda wapi.

Hapa ndipo wewe unaniuliza, "Basi nitafute 9/6 niomoke?" La, ndugu yangu. Hata 99.54 bado iko chini ya 100. Tena karibu asilimia 2 ya marejesho hayo imefungwa ndani ya ROYAL FLUSH, ambayo huja kama mara moja katika mikono 40,000. Ukicheza mikono 500 kwa saa, hiyo ni saa 80. Mpaka siku hiyo ifike, kama utafika ukiwa na pesa, unacheza mchezo wa takriban asilimia 97.5. Na hesabu yote hii inadhani hukosei. Ukipewa pea ya 5 na J moja, moyo unataka kushika J. Pea ile ndogo ina thamani ya kama senti 82 kwa kila shilingi uliyoweka, na ile J peke yake haifiki hata senti 50. Ukifanya kosa hilo usiku kucha, jedwali lako zuri limekuwa kama 6/5 nawe hujui.

Na kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kukuambia. Kanuni ya karata halisi ni ya Nevada na kwingine ambako mtu anakagua mashine. App uliyotumiwa linki kwenye grupu, isiyo na leseni ya mtu yeyote, inaweza kuandika 9/6 kwa wino wa dhahabu na bado ikakugawia karata inavyotaka. Jedwali baya linakuambia ukweli mbaya. Jedwali zuri linahitaji mtu wa kulisimamia ndipo liwe ukweli.

Ninachokiona kinaniuma ni kwamba tumezoea kubishana kuhusu bahati, mkono wa fulani, saa nzuri ya kucheza, mashine "iliyoshiba" inayokaribia kutapika. Mashine haishibi, kila mkono unaanza na pakiti mpya. Kitu pekee unachoweza kujua kabla ya kuweka pesa ni zile namba mbili, na ndizo pekee ambazo hakuna mtu mtaani anayeziuliza.

Kwa hivyo mwenzako akikuonyesha skrini yake leo usiku akisema ameshinda FULL HOUSE, usimuulize ameshinda ngapi. Muulize imelipa mara ngapi. Akisema sita, mwambie ameuziwa pakiti pungufu, na mzani ulikuwa mbele yake.