Dakika 10 za mtafiti: msikilizaji hawezi kurudi nyuma

Vijana wengi wanaoalikwa kueleza utafiti wao katika mikutano ya Butembo na Beni wanasimama na kusoma ripoti yao jinsi ilivyo. Ni kosa. Msomaji akipotea anarudi juu ya ukurasa. Msikilizaji, sentensi ikimpita, imekwenda.

Mfano ni uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa Septemba 2018, wakati wa Ebola. Watu wazima 961 waliulizwa maswali. Asilimia 25.5 walisema ugonjwa huo haupo. Asilimia 31.9 walikuwa na imani kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao. Wenye imani ndogo hawakuwa wepesi kukubali chanjo wala kwenda hospitali.

Kwenye karatasi maneno hayo yanatosha. Kwa sikio, hesabu hizo zinagongana. Ni heri kusema: "Kati ya watu wanne, mmoja aliona Ebola haipo. Kati ya watatu, mmoja tu aliwaamini viongozi." Hesabu mbili hizo zinatosha.

Mpangilio nao una uzito. Mtafiti akianza na uvumi, anayeingia akiwa amechelewa, au anayesikia nusu tu, atabeba uvumi kama ndio habari. Katika miji ambako watoa chanjo walishambuliwa, hilo si jambo dogo. Basi sentensi ya kwanza iwe: "Ebola ilikuwepo, na iliua. Nitaonyesha jambo moja: pale imani kwa viongozi ilipokuwa ndogo, chanjo nayo ilikataliwa zaidi." Sentensi hiyo irudi katikati na mwishoni, kwa maneno yaleyale. Akibadilisha "imani" kuwa "matumaini", wasikilizaji watadhani ameleta jambo jipya.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. "Waliwakataa" ni nani waliomkataa nani? Katika maandishi jicho linatafuta jina hapo juu. Katika hotuba jina litajwe tena: "Wakaaji waliwakataa watoa chanjo."

Tena, mpaka wa utafiti usemwe palepale baada ya matokeo, usiachwe hadi dakika ya mwisho ambapo mwenye kuongoza mkutano anamkata msemaji. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba imani ndogo na kukataa chanjo vilikwenda pamoja. Haukuthibitisha kwamba kimoja kilizaa kingine.

Kwa mwendo wa maneno 100 hivi kwa dakika, andiko la maneno 900 linatosha, na linaacha nafasi ya kupumua. Kipimo chake ni rahisi: mtafiti amsomee jirani mara moja, bila karatasi mkononi mwa jirani, kisha amuulize amesikia nini. Jirani akijibu "Ebola haipo", kasoro iko katika andiko, na kuna wakati wa kuliandika upya kabla ya mkutano.